Kabla hujamwandika dada yako

"Mama, naandika habari za kuwa wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu. Kila nikimfikia dada najiona mwizi. Nimwandikeje bila kumuumiza na bila kudanganya?"

Mwanangu,

Kurasa zako nimezisoma leo nilipotoka sokoni Mbuyuni. Nilikwama kwenye sentensi hii: "Dada aliacha VETA ili mimi nisome." Atakayeisoma atakuhurumia, lakini mambo hayakwenda hivyo.

Julai 2019 ulipochaguliwa kidato cha tano, ada ya bweni katika shule za serikali ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Hiyo tungeimudu. Iliyotutoa jasho ni ile fomu ya kujiunga: godoro, tranka, sare, karatasi za rimu, michango, nauli. Dada yako naye alikuwa anadaiwa chuoni, na kahawa ya kihambani ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuiva. Baba yako aliuza ndama. Usiku ule tulizihesabu pesa, tukaona zinamtosha mtoto mmoja, tukaamua uende wewe kwanza, dada yako asubiri muhula mmoja. Wewe ulikuwa Arusha kwa shangazi yako, hukuulizwa neno.

Akasubiri. Akapata kibarua kwa fundi mmoja hapa Moshi mjini, akaanza kushika pesa yake mwenyewe, na muhula ulipofika akakataa kurudi. Nilimsihi sana. Alisema anataka cherehani, cheti kitamchelewesha. Sikukubaliana naye, na hata leo sijakubaliana naye.

Kwa hiyo hapo pana maamuzi mawili, letu sisi wazazi na lake yeye, na katika yote mawili wewe haumo. Sentensi yako imeyafuta, ikakuweka wewe peke yako katikati. Jaribu hivi: "Julai 2019 wazazi walikuwa na pesa ya mtoto mmoja, wakanipeleka mimi. Dada aliambiwa asubiri muhula mmoja. Muhula ulipofika alikuwa na sababu zake za kutorudi." Ukiandika hivyo uchungu hautaondoka, kwa sababu ni kweli wewe ulikwenda na yeye akabaki. Lakini msomaji ataona kilichomkuta hasa ni nini, na wewe pia utaona.

Halafu pesa umezikwepa. Umeandika kwamba Desemba unapanda nyumbani na aibu kwa sababu mkono ni mtupu, basi, ukaishia hapo. Eleza kwa nini ni mtupu. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye 700,000 zinaondoka 105,000 kabla hajanunua hata unga. Shangazi zako hawalijui hilo. Wao wanajua una digrii na una kazi, na wanadhani unakula peke yako. Iandike hesabu hiyo ilivyo, maana nusu ya maneno ya Desemba yanatoka hapo.

Tena umeacha jambo ambalo mimi siwezi kulisahau. Ulipokuwa mwaka wa pili, bumu lilipokuwa shilingi 10,000 kwa siku, za chakula na malazi, ulijibana ukamnunulia mdogo wako viatu na sare. Kwenye kurasa zako halimo. Mtu anayejihukumu huandika alichopewa tu, alichotoa hakioni. Usilitie ili kujisifu. Litie kwa sababu lilitokea, na bila hilo msomaji atadhani ulikwenda ukatusahau.

Kumbadilisha jina hakutasaidia. Hapa Kibosho ukishasema fundi cherehani mwenye mdogo wake aliyesoma chuo kikuu, hata mtoto atakwambia ni nani. Mpelekee, umsomee kwa sauti yako, na pale atakaposema "hapana, haikuwa hivyo", usibishane, andika alivyosema yeye. Nimepitia kurasa zote nikimtafuta akizungumza, sikumsikia hata mara moja. Analia tu. Huyu ndiye dada yako mwenye cherehani mbili na binti anayemfundisha kazi, anayeshona sare za kwaya mpaka usiku wa manane wiki ya Pasaka? Muulize ule mwaka yeye anaukumbukaje, kisha umwachie nafasi ya kujibu. Kama kuna asichotaka kitoke, kitoe.

Na ile aya ya mwisho, uliyosema kwamba sasa ameridhika na maisha yake, ifute mpaka umuulize. Siku ya mahafali yako alikataa kupiga picha nasi. Sababu anaijua yeye, hajaniambia, nami sitaki umtungie.

Jumamosi atakuwa dukani kwake kutwa. Usimtumie kwa simu, njoo nazo mwenyewe, na upitie kwake kabla ya kupanda huku kwangu.

Mama yako