Titresheni: usisahihishe kwa 25.00 ya kwenye karatasi

*"Wakuu, natunga praktiko ya titresheni kidato cha tatu, wanafunzi 40. Nayeyusha 4 g za hidroksidi ya sodiamu kwenye lita moja, asidi ya hidrokloriki 0.1 M, pipeti ya besi ni ya 25 cm³, kwa hiyo ujazo sahihi wa asidi ni 25.00. Naomba msaada wa jedwali, maswali ya hesabu na alama za ufundi."*

Futa hiyo 25.00 leo hii. Mimi niliiandika kwenye mwongozo wangu wa kusahihisha, na mpaka leo roho inaniuma.

Nilikuwa na wanafunzi 42. Kopo la hidroksidi lilikuwa la zamani kuliko miaka yangu kazini, vidonge vimeshikana na juu vina unga mweupe. Nikamuuliza mwalimu mzoefu aliyekuwa ananiongoza, akasema, "Pima gramu nne, mwaga maji, kemia ni ile ile." Nikamwamini. Hata mwongozo alionipa ulikuwa wa miaka iliyopita, majibu yameshajazwa. Mtu anayemwambia hivyo mwalimu mchanga anawaumiza watoto wasiomjua.

Binti mmoja aliandika 21.90, 21.85 na 21.95, wastani 21.90. Jedwali safi, kila usomaji una desimali mbili. Nikampa sifuri ya usahihi, na sifuri nyingine kwenye hesabu kwa sababu hakupata 0.1 M. Sita waliokaa benchi moja waliandika 25.00 mara tatu mfululizo, nikawapa alama zote. Walikuwa wamepiga hesabu kichwani kutokana na lebo za chupa, wakajaza jedwali kinyumenyume.

Yule binti alikuja ofisini na daftari lake. "Mwalimu, nimerudia mara tatu." Jioni nikaingia maabara na masalio ya chupa zile zile, nikapata 21.90. Nikarudia kwa fenolfthalini badala ya methili orenji, nikapata 21.00. Hapo ndipo nikaelewa kopo lilikuwa limefanya nini. Hidroksidi ya sodiamu hunyonya unyevu, kwa hiyo sehemu ya zile gramu nne ilikuwa maji. Hunyonya pia kaboni dioksidi na kugeuka kaboneti. Methili orenji husubiri kaboneti yote iishe, lakini fenolfthalini hupoteza rangi kaboneti ikiwa imefika nusu ya safari, kwenye haidrojeni kaboneti. Ukiona fenolfthalini inakupa ujazo mdogo kuliko methili orenji kwa myeyusho ule ule, jua kuna kaboneti humo.

Kwa hiyo titresha wewe mwenyewe, siku ile ile, kwa chupa zile zile na kiashiria kile kile watakachotumia wanafunzi. Rudia mpaka upate tatu zinazokaribiana, na wastani huo ndio unaingia kwenye mwongozo. Mimi natoa alama zote za usahihi kwa aliye ndani ya 0.20 ya wastani wangu, nusu kwa aliye ndani ya 0.50.

Hesabu zisahihishe kwa ujazo wa mwanafunzi mwenyewe. Mlingano ni NaOH + HCl → NaCl + H₂O, moli moja ya besi kwa moli moja ya asidi. Mwenye 21.90 anapata 0.1 × 21.90 ÷ 25 = 0.0876 M, akizidisha kwa 40 anapata 3.504 g kwa lita. Mwenye 22.60 kakosea kupima, lakini akifika 0.0904 M hesabu yake ni sahihi, mpe alama zake. Ukimkata tena huku, umemwadhibu mara mbili kwa kosa moja.

Na lebo ya besi usiandike 0.1 M. Andika "Myeyusho B" tu, waitafute wenyewe. Ukitaka namba unayoweza kuitegemea, acha kabisa hidroksidi, tumia kaboneti ya sodiamu isiyo na maji, iliyokaushwa na kupozwa: 5.3 g kwa lita ni 0.05 M. Hapo moli moja ya kaboneti inakula mbili za asidi, na swali la hesabu linapata uzito. Bado utatitresha mwenyewe, maana asidi uliyoizimua kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku nyingi nayo huwa imepungua nguvu.

Jedwali ni la kawaida: usomaji wa mwisho, wa mwanzo, ujazo uliotumika, safu ya pailoti na tatu za kweli. Pailoti isiingie kwenye wastani.

Halafu bakiza nusu lita ya kila myeyusho, besi kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri, mpaka matokeo yatoke. Mwanafunzi akija na daftari lake, mtaingia naye maabara mkapime pamoja.