Kufunga tiketi za zamani bila kudanganya

Ukiingia kwenye tim mpya mara nyingi unapewa kazi ambayo wenyeji hawaitaki, na mojawapo ni hii ya kusafisha bakilogi, unafungua unakuta tiketi mia tatu na kitu ziko wazi, nyingine zina miaka minne, na meneja anakuambia we pitia tu funga zile za zamani. Mi nilifanya hivohivo alivosema, na ndo maana naandika hapa.

Nilichofanya wiki ya pili kazini: nilichuja tiketi zote ambazo hazijaguswa mwaka mzima, nikazichagua zote kwa pamoja, nikaweka komenti moja "Inafungwa kwa kuwa ni ya muda mrefu" alafu nikafunga. Sitini na kitu kwa mchana mmoja, najiona shujaa. Baada ya miezi miwili dada mmoja wa uhasibu akafungua tiketi mpya, ripoti ya mwezi haiendani na pesa iliyoingia, na chini kaandika kwamba hili alishasema mwaka juzi mkafunga bila hata kuniuliza. Kuangalia kumbe kweli. Mfumo ulikuwa unatunza saa kwa UTC na ripoti inakata mwezi kwa hiyohiyo UTC, sisi tuko masaa matatu mbele, kwa hiyo malipo yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku tarehe moja yalikuwa yanaangukia mwezi uliopita. Ni malipo machache, ndo maana hakuna aliyepiga kelele. Yeye alikuwa anayahamisha kwa mkono kwenye eksel kila mwisho wa mwezi, miaka miwili, kimya.

Hapo ndo nilielewa kwamba tiketi kukaa kimya haimaanishi tatizo limeisha, mara nyingi inamaanisha aliyelileta kakata tamaa au kapata njia ya kuzunguka. Umri wa tiketi unakuambia tu uanze kusoma wapi. Sio sababu ya kuifunga.

Sa hivi nafanya hivi. Nachukua 15 tu kwa kikao, zile zilizokaa bila kuguswa muda mrefu zaidi, na nakaa na mtu mmoja aliyekuwepo zamani maana yeye anakumbuka vitu ambavyo havijaandikwa popote. Kama mnatumia GitHub amri ni hii:

```
gh issue list --search "updated:<2023-06-01 sort:updated-asc" --limit 15
```

Tarehe badilisha iendane na yenu. Na angalizo, usianze kwa kubandika lebo kwenye tiketi zote ati "zamani", maana ukibandika lebo ile tarehe ya kuguswa inabadilika kuwa leo na mpangilio wako wote unavurugika. Nimewahi kujifungia njia hivo, nikabaki napanga kwa tarehe ya kufunguliwa ambayo haisaidii sana.

Kila tiketi naisoma mpaka komenti ya mwisho, alafu naangalia kama kitu kinachozungumziwa bado kipo. Mfano ilikuwepo moja inasema kitufe cha kupakua CSV kinaganda faili likiwa kubwa. Nilitafuta jina la ile fanksheni kwenye historia:

```
git log -S "exportCsv" --oneline
```

Hii inakuletea komiti zilizoongeza au kutoa hilo neno, na ya juu kabisa ilikuwa ndo iliyoifuta, ukurasa mzima ulishaandikwa upya. Watu wengi wanaishia hapa wanafunga. Usifunge bado, nenda kwenye ukurasa mpya ujaribu kilekile alicholalamikia, maana kodi inaweza kufutwa na tatizo likahamia nyumba mpya. Nikapakua rekodi elfu hamsini, ikatoka vizuri, ndo nikaandika:

"Ukurasa huu uliandikwa upya na njia ya zamani ya kupakua haipo tena. Leo nimejaribu kwenye ukurasa mpya kwa rekodi 50,000, faili limetoka zima. Nafunga kwa sababu hiyo. Ikiganda tena kwako, fungua hapahapa na uweke ukubwa wa faili na brauza unayotumia."

Angalia komenti yenyewe ilivo, inasema nimekuta nini, nimejaribu nini, na kitu gani kitanifanya nifungue tena. Mtu akiisoma baada ya mwaka anaweza kunibishia kwa hoja. Ile yangu ya kwanza ya "muda mrefu" utaibishia vipi?

Za marudio ni rahisi ila kuna kosa moja, watu wanafunga wanaweka namba ya tiketi nyingine basi. Kabla ya kufunga hamisha maelezo yaliyomo, picha, hatua, jina la mteja, maana mara nyingi ile ya zamani ndo ina maelezo mazuri kuliko inayobaki wazi.

Ngumu kabisa ni zile ambazo ni wazo zuri, mtu kaomba kwa heshima, na nyinyi mnajua hamtalifanya. Hapa ndo uongo unapoingia. Unaandika "tutaliangalia baadaye" au unaihamishia kwenye boksi la "siku moja", na aliyeomba anaendelea kusubiri. Tulikuwa na ya mteja anataka aplikesheni ifanye kazi bila intaneti, ina miaka mitatu na dole gumba kibao. Yule mwenzangu wa zamani alisema ukweli ndani ya dakika moja, kwamba hii inadai tubadilishe namna yote ya kutunza data na hakuna mtu atakayepewa hiyo miezi. Basi tuliandika karibu maneno hayohayo, tukaongeza kwamba kwa anayepoteza intaneti katikati ya kujaza fomu, fomu inajihifadhi yenyewe kwenye brauza. Nilitegemea matusi. Mteja akajibu asante, bora nimejua, ngoja nitafute njia nyingine.

Ukifunga ya namna hii usibonyeze tu kitufe cha kufunga, kile kwenye GitHub kwa kawaida kinaweka "Close as completed", yaani kazi imefanyika, wakati haijafanyika. Chagua "Close as not planned", au kwenye terminali:

```
gh issue close 188 --reason "not planned" --comment "..."
```

Kwenye Jira kuna sehemu ya Resolution, hapo unaweka Won't Do na sio Done. Naonekana nashikilia kitu kidogo lakini siku mtu akihesabu kazi zilizokamilika mwaka huu hizi zitaingia humo, na mteja akitafuta ataona imefanyika atakuja kuuliza iko wapi.

Kuhusu boti za kufunga zenyewe, ile actions/stale kwa mfano, ukiiacha ilivo inaweka alama baada ya siku 60 za ukimya na kufunga baada ya 7. Naona inafaa kwa tiketi ambazo wewe ndo umeuliza swali na mtu hakujibu, huko ukimya ni wake. Kwa tiketi ambayo ukimya ni wenu, hamjawahi hata kuisoma, boti inafanya kosa langu la wiki ya pili, tena kila siku.

Kati ya zile 15 zitabaki tatu au nne wazi, na hizo pia ziachie komenti, umejaribu lini, bado linatokea au la, sehemu gani ya kodi inahusika. La sivyo mwaka kesho mgeni mwingine atakaa kwenye kiti chako aanze kuisoma tena kutoka mwanzo.