Kukalafati na kuziba, maneno ya fundi wa mashua

"Shikamoo mwalimu. Mi mtu wa Dodoma nimehamia Unguja, juzi nimepita Nungwi fundi akaniambia mashua yake bado haijakalafatiwa. Nikamuuliza si useme tu haijazibwa, akasema hapana si neno lake. Kuna tofauti kweli? Na mkuku ndo nini?"

Marahaba. Tofauti ipo na fundi yuko sahihi kabisa. Unaziba kitu kilichotoboka, yani tundu ambalo halikutakiwa kuwepo, kama vile sufuria au bati. Sasa mwanya kati ya ubao na ubao wa mashua haujatokea kwa bahati mbaya, upo toka siku ya kwanza kwa sababu mashua ni mbao zimepangwa ubavu kwa ubavu, na ule mwanya ndo unaokalafatiwa, yani unajazwa pamba maji yasipite.

Ili uelewe vizuri tuanzie chini. Mkuku (wingi mikuku, usiandike mkuki) ni ule mti mrefu wa chini kabisa unaokwenda kutoka mbele hadi nyuma, ndo uti wa mgongo wa chombo. Unachongwa kwa tezo kutoka kwenye mti mgumu ulionyooka, mvule kwa mfano, na msaji ukipatikana ni mzuri sana ila bei yake ni kubwa. Ukipinda mkuku basi kila kitu kitakachofuata kitapinda. Nyuma unasimamishwa fashini, ndo unaoshika usukani, kisha zinaanza kupanda mbao na ndani yanaingia mataruma, yani mbavu.

Hapo kwenye mataruma ndo napapenda mimi. Fundi hachukui ubao ulionyooka akaukata upinde, maana ukikata hivo nyuzi za mti zinakatika katikati ya tao na taruma linapasuka hapohapo bahari ikipiga. Anatafuta tawi lililojipinda lenyewe, mlilana wa kwenye mikoko unapendwa kwa kazi hii, kwa hiyo ukimwona fundi anazunguka na tawi lililokunjika kama kiwiko, analipima kwenye ubavu wa chombo, analirudisha, anachukua jingine, ujue anatafuta tao linalolingana.

Mbao zinapigwa misumari kwenye mataruma, tundu linatangulia kwa keekee ili ubao usipasuke. Na hapa niseme kidogo, kitu kimoja ni ubao, vingi ni mbao, kwa hiyo "mbao moja" tunayosema wengi mtaani usiiandike kwenye kazi rasmi.

Haya, kalafati sasa. Fundi anachukua pamba, anaisokota iwe kamba nyembamba, anailowesha mafuta, anailaza kwenye mwanya halafu anaifuata na patasi butu na nyundo, tap tap tap, kipande kwa kipande mpaka imekaa ndani. Ugumu uko kwenye kiasi. Ikiwa legelege maji yanaisukuma inatoka, utaona uzi unaning'inia nje na ubao una mstari wa unyevu usiokauka. Ila ukishindilia kupita kiasi nako ni hasara, kwa sababu mbao kavu zikikutana na maji zinavimba, na zikivimba pamba haina pa kwenda basi inasukuma mbao zenyewe na misumari inaanza kulegea. Ndo maana mashua mpya ikishuliwa, yani ikiingizwa majini, inaweza kuvuja kidogo siku za mwanzo halafu ikajifunga yenyewe, watu wanafua maji kwa upo, yani kile kitu cha kuchotea maji, na wala hawana wasiwasi. Ikiwa mbao zimeshavimba na maji bado yanajaa ngama, yani chini ndani ya chombo, vilevile, hapo kalafati ina kasoro na chombo kinarudi pwani.

Baada ya kalafati sehemu ya chini inapakwa deheni, shahamu na chokaa vikichanganywa, kuzuia yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao, na juu inapakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ukiyanusa mara moja huyasahau.

Kisarufi, kalafati limetoka Kiarabu na Wareno pia wana neno la ukoo huohuo. Linaishia na i kama safiri na fikiri, kwa hiyo kwenye kukanusha halibadiliki, ni "hakalafati", na kutendwa ni "kalafatiwa" kama alivyosema fundi wako. Pamba yenyewe ikishaingia nayo inaitwa kalafati, utasikia "kalafati imetoka".

Kuziba nako kuna mahali pake kwenye mashua. Ikigonga mwamba ikatoboka ubao, hapo fundi huyohuyo atakwambia anaziba, anatia kiraka, halafu anakalafati pembeni mwa kiraka.