Hotuba ya kukaribisha wageni harusini, nusu Kiswahili nusu Kijerumani

Binti wa kaka yangu aliolewa na kijana wa Kijerumani, sherehe tukafanyia Moshi. Upande wa bwana harusi walikuja watu 14, wengi wazee waliosoma Ujerumani Mashariki ile ya zamani, shuleni walifundishwa Kirusi, Kiingereza hamna. Bibi harusi akaniambia baba mdogo, wewe ndo utakaribisha na Kijerumani lazima kiwepo. Mimi hata salamu sijui!

Kosa langu la kwanza, niliandika kila sentensi mara mbili, Kiswahili halafu Kijerumani chake. Nikajaribu mbele ya kamati, dakika 9, na kufika ya tatu watu washatoa simu, maana kila ukianza kunoga unawakata tena.

Tukafumua. Kiswahili kwanza dakika mbili, shikamoo kwa wazee, meza kuu, kamati, wakwe. Halafu nageukia meza ya Wajerumani, sentensi sita tu, kisha narudi kwa Kiswahili nawaambia wa kwetu kifupi nimesema nini, la sivyo wanadhani wanasengenywa.

Na hizo sita usitafsiri ulichosema mwanzo, wao shida yao siyo itifaki, wanataka kujua kinachokuja. Mi niliwaambia mkisikia akina mama wanapiga vigelegele hakuna ajali, ni furaha, na kwamba ataletwa ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma ana majani mdomoni, kwetu Wachaga ndo keki yenyewe, na wakwe watalishwa kipande. Hii iseme kabla, mtu asiyejua akiona mbuzi amesimama kwenye trei anamtazama, hali kabisa siku hiyo.

Matamshi sasa. Bibi harusi alinitumia voisi Watsapu sentensi moja moja, nikaziandika kwa masikio yangu ya Kiswahili, "Libe Geste, hertslish vilkomen", sikugusa tahajia yao maana w yao inasomeka v na z inasomeka ts, ukisoma vile ilivyoandikwa umeharibu. Nikasikiliza wiki mbili nikienda kazini. Ukumbini punguza spidi kuliko ulivyofanya mazoezi, spika zina mwangwi, na lugha usiyoizoea ikimezwa na mwangwi hakuna anayeambulia kitu.

Halafu pale unapokwama usichomekee Kiingereza. Mi nilitaka kushukuru kwa zawadi, nikaona si nitasema tu "gifti", bibi harusi akapiga kelele, baba mdogo hilo kwao ni sumu! Yaani ningesimama mbele ya wakwe nawashukuru kwa sumu waliyotuletea. Tukaweka "geshenk" yao.

Mwisho ongea na emsii mapema. Wetu hakujua kuna kipande cha Kijerumani, nilivyonyamaza nigeuke akadhani nimemaliza, akawasha muziki, ikabidi nimpungie karatasi asimamishe.