Maswali na majibu: Futa "naamini", andika kilichokuwa ubaoni

Msimu wa maombi ya kazi za uhadhiri umefika, na barua zenu karibu zote zinahusu tamko la falsafa ya ufundishaji, yaani maelezo ya jinsi unavyofundisha na kwa nini. Nimechagua chache. Waliouliza kama naweza kuwaandikia tamko zima wasisubiri jibu.

"Nimeanza hivi: 'Tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kufundisha.' Ni mwanzo mzuri?"

Hapana. Futa sentensi hiyo, kisha futa ya pili. Mara nyingi ya tatu ndiyo mwanzo wenyewe.

"Kamati imeniambia tamko langu ni 'la jumla mno'. Sielewi wanataka nini. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, wanafunzi 120. Aya yenyewe: 'Naamini katika ufundishaji unaomweka mwanafunzi katikati. Ninajenga mazingira shirikishi yanayokuza fikra tunduizi na kumwandaa mwanafunzi kwa maisha ya baadaye.'"

Hebu isome tena kama hujui ni yako, kisha uniambie anayeandika anafundisha somo gani. Ingekuwa ya mhadhiri wa historia au wa uuguzi, usingebadilisha hata nukta. Sisemi umedanganya. Shida ni kwamba hakuna mhadhiri duniani atakayeandika kinyume chake, kwamba yeye hupenda wanafunzi wasiofikiri na darasa lililonyamaza. Sentensi isiyo na mpinzani haimwambii msomaji lolote, na mjumbe wa kamati mwenye mafaili sitini mezani anairuka bila kujua kwamba ameiruka.

Nilimwandikia mwenye barua nikamuuliza jambo moja tu: mara ya mwisho ulipoziona hizo fikra tunduizi, ubaoni kulikuwa na nini? Akanijibu ukurasa mzima, tena bila "naamini" hata moja. Kwa ruhusa yake nausimulia.

Siku hiyo kipindi kilihusu wastani. Wanafunzi wake wanakuja chuoni wakijua kuukokotoa vizuri kabisa. Wasichojua ni lini wastani unapotosha. Basi aliandika ubaoni: "Wagonjwa tisa wa kliniki moja walisubiri kwa wastani wa dakika 20. Wangapi walisubiri dakika 20 au zaidi?" Kidole kimoja maana yake karibu nusu yao, viwili maana yake wote, vitatu maana yake haiwezekani kujua kwa taarifa hii. Kila mtu aliweka vidole kifuani ili jirani wa nyuma asichungulie. Wengi ukumbini walionyesha kidole kimoja, na kama theluthi hivi wakaonyesha vitatu. Akawapa dakika tatu kila mmoja amtafute jirani aliyejibu tofauti na kumshawishi, wakapiga kura tena. Halafu akawaambia watunge wenyewe namba tisa zenye wastani wa 20 ambamo mgonjwa mmoja tu ndiye aliyesubiri sana. Msichana wa safu ya nyuma akasoma zake: wanane dakika 10, mmoja dakika 100. Jumla 180, gawanya kwa tisa, 20. Na namba ya katikati? Kumi. Hapo tu ndipo mhadhiri alipotaja namba ya katikati kama kipimo, kwa sababu sasa ilikuwa na kazi ya kufanya.

Mtu wa namna hiyo anaandikaje "mazingira shirikishi"? Ana ng'ombe zizini, anaenda kuomba maziwa kwa jirani.

Mbinu yenyewe si ngeni. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliijenga miaka ya 1990: swali, kura ya kila mtu peke yake, mjadala wa majirani, kura ya pili. Mwongozo wake ni kwamba mjadala una faida pale kura ya kwanza inapokuwa na majibu sahihi kati ya asilimia 30 na 70 hivi. Chini ya hapo majirani hawana wa kuwasaidia, na mwalimu arudi kufundisha. Juu ya hapo unapoteza muda, endelea mbele. Lakini kuitaja mbinu kwa jina tu ni kubadilisha maneno matupu ya zamani kwa maneno matupu ya kisasa. Kinachomhusu msomaji ni swali uliloliuliza na ulichofanya kura zilipogawanyika.

Kisha nikamuuliza la pili, na hili ndilo lililomtoa jasho: mtihani wa mwisho ulikuwa na swali gani kuhusu wastani? Akakiri: "Kokotoa wastani wa namba zifuatazo." Yaani darasani anawafundisha kuutilia shaka wastani, kwenye mtihani anawapa alama kwa kuukokotoa. Wanafunzi si wajinga, wanasoma kinacholeta alama. Amelibadilisha. Sasa wanapewa orodha ya namba, wachague kipimo kimoja cha kumwakilisha mgonjwa wa kawaida, na watetee chaguo lao kwa sentensi mbili. Alama nyingi ziko kwenye utetezi.

Aya yake sasa inasomeka hivi:

"Wanafunzi wangu wa takwimu wanafika wakijua kukokotoa wastani ila hawajui lini unapotosha, kwa hiyo naanza na swali ambalo kanuni haiwezi kulijibu. Nawaambia wagonjwa tisa walisubiri kwa wastani wa dakika 20, nauliza wangapi walisubiri dakika 20 au zaidi, na kila mmoja anapiga kura kwa vidole. Wengi hujibu 'karibu nusu'. Baada ya kubishana na jirani, wanatunga wenyewe namba tisa zinazoiangusha dhana hiyo. Kwa miaka miwili mtihani wangu uliendelea kuuliza ukokotoaji tu. Muhula huu nimeweka swali linalodai kuchagua kipimo na kukitetea kwa sentensi mbili, na majibu yameonyesha kwamba wengi wanachagua vizuri lakini utetezi wao unaishia 'kwa sababu ni bora'. Sasa natenga dakika 15 kwenye semina kusoma pamoja tetezi tatu, mbovu, ya kati na nzuri, kabla hawajaandika ya kwao."

Ni ndefu kuliko ya kwanza, na ndiyo maana tamko lake litakuwa na mambo mawili au matatu tu badala ya tisa. Angalieni pia kwamba kasoro yake haikufichwa. Kamati nyingi huiamini aya yenye kitu kilichoshindikana kikarekebishwa, kuliko ile ambayo kila siku ni sikukuu.

"Nikianza na ile nukuu ya W. B. Yeats, kwamba elimu si kujaza ndoo bali ni kuwasha moto?"

Haijawahi kuonekana kwenye maandishi ya mshairi huyo wa Ireland. Wazo linalofanana na hilo liko kwa Plutarko, mwandishi wa Ugiriki ya kale, karne nyingi kabla yake. Hata ingekuwa yake, mjumbe wa kamati keshaisoma mara nne tangu asubuhi.

"Nimeandika kwamba nazingatia mitindo ya ujifunzaji: wa kuona, wa kusikia na wa kutenda. Hiyo si ni mahususi?"

Ni mahususi, ila imekosewa. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba kumlinganisha mwanafunzi na "mtindo" wake kunamfanya ajifunze zaidi. Akiwepo mwanasaikolojia kwenye kamati, umekwisha. Kama unachora mchoro kisha unaueleza kwa mdomo, andika hivyo, na sema mchoro ni wa nini. Mchoro wa moyo unamfaa kila anayejifunza moyo, awe ni mtu wa kuona au wa kusikia.

"Sijawahi kuwa na kozi yangu. Nimekuwa msaidizi wa semina na msahihishaji tu. Niandike nini?"

Hilo "tu" lako ndilo linalokuponza. Aliyesahihisha kazi themanini za swali moja anajua wanafunzi wanapotea wapi kuliko profesa aliyelitunga. Chukua kosa moja lililojirudia, liandike kama wanafunzi walivyoliandika, eleza ulidhani linatoka wapi na ulijibu nini pembeni mwa karatasi. Kisha sema kama kazi iliyofuata ilibadilika. Hilo peke yake ni nusu ukurasa.

Usichofanya ni kujitungia kozi. Nawaambia kwa sababu yalinikuta. Katika ombi langu la kwanza niliandika kwamba vipindi vyangu "hujengwa juu ya mijadala hai". Kwenye usaili mama mmoja wa makamo akaniuliza kwa upole: "Mjadala wa mwisho ulianza na swali gani?" Sikuwa nalo. Ukweli ni kwamba katika dakika 60 mimi nilikuwa nasema 50, na zile kumi nilikuwa nauliza "kuna swali?" huku nikifuta ubao. Kazi sikuipata, na walikuwa sahihi.

"Nikiondoa 'naamini' zote, falsafa itabaki wapi?"

Kwenye neno "kwa hiyo". Rudi kwenye aya ya mtu wa takwimu: wanajua hiki, hawajui kile, kwa hiyo naanza na swali hili. Hapo kuna imani kamili kuhusu namna watu wanavyojifunza, na ina mwili. Ukiiondoa sababu unabaki na shajara: niliingia, niligawa karatasi, tulijadili, tukatoka. Nimepokea matamko ya aina hiyo pia, yamejaa majina ya programu na vifaa, na mwandishi anadhani ametii ushauri wangu. Kila kitendo unachokitaja kiwe na tatizo lililokizaa. Usipoliona tatizo, kitendo hicho hakina nafasi humo.

Na mwenzako anaweza kukupinga sasa. Anaweza kusema wafundishwe kipimo kwanza, swali lije baadaye. Vizuri. Hilo ni jambo la kuzungumza kwenye usaili.

"Niweke maoni ya wanafunzi? Wamenipa 4.6 kati ya 5."

Namba iende kwenye wasifu. Kwenye tamko weka lile lalamiko lililokufanya ubadilishe kitu, na kitu chenyewe. "Mwalimu ni mzuri sana" haikubadilishi. "Sikujua kazi yangu itasahihishwaje" ilimfanya mhadhiri mmoja ninayemfahamu agawe mwongozo wa kusahihisha wiki mbili kabla, na wanafunzi wautumie kusahihisha kazi ya mwaka uliopita iliyofutwa jina.

"Kurasa ngapi?"

Tangazo la kazi linasema. Lisiposema, zisizidi mbili. Na nyinyi mnaouliza hili kila mwezi, tangazo mnalisoma lini?