Dodoso lako kwenye simu ya mtu mwenye bando la kuungaunga: anza na lile jedwali

Kama umetuma linki ya dodoso na watu wanafungua halafu hawamalizi, kabla hujasema watu wavivu nenda kaangalie wanaachia swali lipi. Kazi yangu kwa sehemu kubwa ni kutengeneza madodoso ya watu wengine, na mara nyingi nakuta wameachia kwenye jedwali. Nasema lile swali ambalo sentensi zimepangwa kushuka upande wa kushoto na majibu yamepangwa juu, sikubali kabisa, sikubali, katikati, nakubali, nakubali sana, halafu mtu anatakiwa aguse kaduara kamoja kila mstari.

Kwenye kompyuta linapendeza kweli. Sasa tupige hesabu ya simu. Simu nyingi za kawaida, upana wa kioo unaotumika kupanga ukurasa ni pikseli 360 hivi (hizi ni pikseli za CSS, sio zile kubwa kubwa zinazotajwa kwenye boksi la simu). Toa nafasi ya pembeni 16 kila upande, unabaki na 328. Sentensi uzipe 130, zimebaki 198, gawa kwa majibu matano unapata chini kidogo ya 40 kwa kila kaduara. Mwongozo wa Android unashauri kitu cha kuguswa kiwe angalau 48, Apple wanasema 44, kwa hiyo hapo umeshakosa kote kote, na bado sentensi yenyewe imebanwa kwenye kasafu ka 130 imevunjika mistari mitano. Ukiweka ngazi saba ndo basi, kila kaduara kanapata 28, kidole gumba kinafunika majibu mawili kwa mpigo.

Zana nyingi zikiona jedwali halienei zinafanya moja kati ya mawili, ama zinalibana ama zinaliacha lisogezwe kwenda pembeni. Hilo la pili ndo linaharibu data kimya kimya, maana majibu ya kulia yanakuwa yamejificha nje ya kioo na mtu hana habari kwamba "nakubali sana" ipo, anachagua kwenye yale anayoyaona anaendelea zake. Wewe unapokea majibu yamejaa vizuri tu, hakuna hata dalili ya kosa.

Utajuaje? Kama zana yako inarekodi aina ya kifaa, tenganisha majibu ya simu na ya kompyuta halafu linganisha swali hilo moja. Ukikuta kwa watu wa simu safu za kulia zimekauka ghafla wakati kwenye kompyuta zina watu, shuku mpangilio kwanza. Sio ushahidi kamili, watu wa simu wanaweza kuwa kweli wana maoni tofauti, kwa hiyo chukua simu ndogo ujaze mwenyewe uone kinachoonekana bila kusogeza chochote. Dalili nyingine ni mtu kuteremka na safu moja mwanzo mwisho, na hii inajitokeza wazi ukiwa na sentensi iliyogeuzwa. Yaani mtu amekubali kwamba "muda wa mafunzo ulitosha" na hapo hapo chini akakubali "muda ulikuwa mfupi mno". Huyo hakusoma, alikuwa anatafuta njia ya kutoka.

Mfano niliorekebisha ulikuwa tathmini ya mafunzo, jedwali la sentensi 8. Kitu cha kwanza sikugusa mpangilio, nilikaa na mwenye dodoso tukasoma sentensi moja moja, tukakuta tatu zinarudia kwa maneno tofauti jambo ambalo sentensi nyingine zimeshauliza, zikatoka zikabaki 5. Kisha kila sentensi ikawa swali lake, majibu yamepangwa kushuka, na mstari mzima wa jibu unagusika, sio kale kaduara peke yake:

```html
<label class="jibu"><input type="radio" name="q3" value="4"> Nakubali</label>
```

```css
.jibu { display: block; padding: 14px 12px; font-size: 16px; line-height: 20px; }
```

14 juu, 14 chini na 20 ya maandishi, hiyo ndo 48 yetu. Na hakikisha kichwa cha ukurasa kina huu mstari, bila huo simu inachora ukurasa kama wa kompyuta halafu inaupunguza mpaka maandishi yanakuwa chawa:

```html
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
```

Mwenye dodoso akalalamika kwamba limekuwa refu. Ni kweli, swali moja linakula kama pikseli 300 kwa urefu na maswali matano ni 1500, skrini mbili na nusu hivi. Ila kuskroli kwenda chini ni kitu mtu anafanya kutwa nzima bila kufikiri, kusogeza jedwali pembeni huku ukikumbuka safu ya nne ilikuwa nini ni shughuli nyingine kabisa. Angalizo moja tu, watu wa kompyuta nao wapewe mpangilio huu huu, usiwaachie wao jedwali, na kama unalinganisha na majibu ya mwaka jana yaliyokusanywa kwa jedwali andika kabisa kwamba mpangilio ulibadilika.

Haya, bando. Fungua dodoso kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, nenda `Network`, weka tiki kwenye `Disable cache` halafu upakie ukurasa upya, pale chini utasoma jumla ya data iliyoshuka. Hilo la mafunzo lilikuwa linavuta kama 2MB, wakati maswali yenyewe na majibu ni kilobaiti chache tu. Mzigo ulikuwa nembo ya taasisi, picha kubwa ya kuchapia bango imewekwa ionekane na upana wa pikseli 120, na faili za fonti za mapambo. Nembo ikapunguzwa mpaka saizi inayoonekana, fonti zikatolewa ikabaki `font-family: system-ui, sans-serif` ambayo simu inayo tayari, ukurasa ukashuka chini ya 100KB. Ukituma linki kwa watu 400, ile 2MB ni 800MB za mabando ya watu, kwa ajili ya nembo!

Swali la kupakia picha pia liangalie mara mbili, picha moja ya simu inaweza kuzidi dodoso zima mara nyingi, na hapo ni data ya kupandisha ambayo kwenye mtandao dhaifu inakata njiani.

Kuhusu kurasa, watu wengi wanashauri swali moja kila ukurasa. Mimi sikubaliani kama kila "Endelea" inaenda seva na kurudi, maana mtandao ukikata katikati mtu anabaki anaangalia ukurasa mweupe na hajui majibu yake yamefika au la. Bora fomu yote ishuke mara moja, sehemu zifichwe na kufunuliwa hapo hapo kwenye simu, na majibu yatumwe mara moja mwishoni. Majibu ya katikati unaweza kuyahifadhi kwenye `localStorage` ili mtu akirudi ayakute, ila yafute yakishatumwa, na kama maswali ni ya afya au mambo ya ndani ya nyumba usiyahifadhi kabisa, simu moja mara nyingi inashikwa na watu wawili watatu na anayefuata akifungua ile linki atayasoma yote.