Ile "tr" juu ya nota: anzia nota ya juu

Juzi kijana mmoja wa Urambo kanitumia meseji, "Shikamoo kaka, ile tr juu ya nota napigaje, kila mtu ananiambia lake." Nikakumbuka yaliyonikuta hapa Tabora mjini.

Ilikuwa misa ya harusi, napiga kinanda, kipande cha enzi za Bach, ufunguo wa G. Mwishoni kuna re ya biti mbili yenye tr, yaani trili, kupokezana haraka nota hiyo na ya juu yake, halafu do. Mimi nikaanzia re, nikatikisa vidole kwa spidi nilivyoweza, re-mi-re-mi, nikajiona fundi kweli. Baada ya misa mwalimu mmoja mgeni akaniambia mbele ya wanakwaya wote, "Kijana, hiyo ni kengele ya baiskeli." Mpaka leo inaniuma, angeniita pembeni. Ila kwenye muziki alikuwa sahihi.

Bach mwenyewe mwaka 1720 alimwandikia mwanae Wilhelm Friedemann jedwali la mapambo, na trili yake pale inaanzia nota ya juu. Sababu utaisikia ukiweka mkono wa kushoto. Chini umeshika kodi ya so, yaani so, ti, re. Mi haimo humo, kwa hiyo ikigonga pamoja na besi inakwaruza kidogo, sikio linataka ishuke re, na huo mvuto ndio utamu wote wa trili. Ukianzia re hakuna kinachovuta, zinabaki kelele tu.

Sasa ile re ya biti mbili igawe hivi, nota nne kila biti: mi re mi re, kisha mi re do re, halafu unatua do. Weka metronomu 60, tumia kidole cha tatu na cha pili, na mi ya kwanza igonge SAWA na besi, sio kabla. Wengi wanaichomeka kabla ya biti, ukijirekodi na simu utasikia re ndiyo inayoangukia besi, basi ujue umekosea. Ikishakaa vizuri, ile mi ya kwanza ivute kidogo halafu zinazofuata ziharakishe.

Na jamani muwe mnaangalia ufunguo! Kwenye G ukikuta tr juu ya E, ya juu yake ni F shapu, sio F kavu, labda pawe na alama nyingine juu ya tr. Kile kiwimbi chenye kamstari katikati nacho ni modenti, inashuka: re do re, basi. Msichanganye.

Ila sheria hii msiipeleke kila mahali, mpiga piano Hummel kwenye kitabu chake cha kufundishia piano cha 1828 anataka trili ianzie nota yenyewe, kwa hiyo kabla hujapiga angalia kwanza mtunzi ni wa lini.

Wewe wa Urambo, piga hizo nota nane polepole, rekodi, nitumie Wasapu. Nitasikiliza ile mi ya kwanza tu.